Sweta ya Mkunga

Mwanamke mwenye gauni la zambarau alikuwa akichagua vitunguu, akiviminya kimoja kimoja, na msusi akasimama nyuma yake kama aliyepigwa na butwaa. Gauni lile alilijua. Aliujua ule ukosi mweupe, aliujua na mshono wa ubavuni uliorudiwa kwa uzi mweusi kwa sababu siku ile uzi wa zambarau ulikuwa umekwisha dukani. Lilikuwa gauni la mama yake, na mama yake walikuwa wamemzika tangu mvua zilipoanza.

Saluni alikuwa ameacha mteja aliyesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Alitoka kidogo kununua mafuta ya nywele, akaahidi kurudi kabla chai haijapoa. Sasa alikuwa anamfuata mtu asiyemjua kutoka meza ya vitunguu hadi ya nyanya, kutoka nyanya hadi ya viazi, akijifanya anauliza bei. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Dada, samahani."

"Bila samahani."

"Hilo gauni umelipata wapi?"

Yule mwanamke akajitazama kifuani kana kwamba amechafuka. "Mtumbani. Pale kwa yule anayetandika turubai njia ya kuteremkia stendi. Kwani vipi?"

"Hamna kitu. Limekupendeza."

"Eh, asante! Limenikaa kama nilipimwa."

Msusi akageuka akaenda zake, mafuta ya nywele hakuyanunua. Mteja aliporudiwa na mikono ile akapiga kelele: "Wee, unanisuka au unaning'oa?"

Nyumbani na mtaani walimwita Cherehani. Jina alipewa utotoni, kwa sababu hata akikaa mezani mguu wake ulikuwa unakanyaga hewa, kanyaga kanyaga, mpaka vikombe vinacheza kwenye visahani. Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa, mtu wa kutulia, aliyeweza kukaa na mzazi usiku kucha bila kuinua sauti. Alikuwa akimtazama binti yake na kusema, "Huyu nilimzaa akiwa njiani kwenda mahali, na bado hajafika." Cherehani alikua, akaolewa, akafungua saluni yenye viti vitatu na kioo kimoja kirefu, na utulivu bado haukumjia. Lakini katika familia ndiye aliyekuwa wa kutumwa, wa kukumbuka, wa kufuatilia. Kwa hiyo baada ya msiba, kikao cha ukoo kilipokaa kuchagua msimamizi wa mirathi, macho yote yalimwendea yeye. Hakukataa. Mahakama ikamthibitisha, akapewa karatasi yenye muhuri, akaikunja na kuilaza kwenye mkoba kama mtu aliyebeba yai.

Warithi walikuwa watatu tu, maana baba yao alitangulia zamani. Mkubwa alikuwa mwanamume, dereva wa lori la masafa, mtu mwenye mabega ya kubebea mlango. Walimwita Kaka Mkubwa hata wasio ndugu zake. Cherehani alikuwa wa pili. Wa mwisho alikuwa Kitinda, binti ambaye hajaolewa, aliyebaki nyumbani na kumuuguza mama mpaka dakika ya mwisho. Kuhusu nyumba walikuwa wamekubaliana mapema bila shida: itabaki ya wote watatu kwa sehemu sawa, Kitinda akae humo. Cherehani alidhani kazi kubwa imekwisha. Gauni la zambarau ndilo lililomwonyesha kuwa haijaanza.

Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwa mke wa kaka yake.

"Wifi, zile nguo za mama zilizokuwa kwenye sanduku la chini ziko wapi?"

Wifi alikuwa anakunja nguo za watoto. Hakuacha kukunja. "Nilizitoa. Siku ile wageni walipoondoka. Nikampa yule mama wa usafi mifuko miwili. Si walisema nguo za marehemu zisikae zikamwumiza mtu?"

"Nani alisema?"

"Watu."

"Watu gani, Wifi? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala chini unalia. Kitinda alikuwa hajitambui. Mume wangu alikuwa nje na wanaume. Nani alikuwa wa kuulizwa?" Sasa akaacha kukunja. "Nilidhani nawapunguzia uchungu. Mnisamehe kwa kusaidia."

Hakuwa mwizi, na Cherehani alijua hivyo. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Mwizi unamkamata, mtu mwema mwenye haraka utamfanya nini? Akaondoka bila kumaliza maji aliyopewa, akaenda nyumba ya mama, akaomba ufunguo kwa Kitinda, akafunga chumba cha mama. Kisha akarudi kukisukuma mlango kuhakikisha. Kisha akarudi tena.

Siku zilizofuata hazikumpa nafasi. Alikuwa akisuka huku anahesabu vichwani mwa watu vitu vya mama: mkufu, bangili, hereni, pete ya ndoa, saa ya mkononi iliyosimama, redio, picha za ukutani. Usingizini alikuwa anafungua kabati na kukuta henga tupu zinagongana. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, nenda kwa Mjomba. Mimi nimechoka kupigwa mateke."

Mjomba alikuwa ndugu pekee wa mama aliyebaki, mstaafu wa posta, anayekaa kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojaa magazeti ya zamani. Cherehani alimkuta anasafisha miwani kwa pindo la shati.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa. Au simama, wewe najua hukai."

Akamweleza yote: gauni, mifuko, chumba alichokifunga. Mjomba akasikiliza huku anavaa miwani na kuivua.

"Unamkumbuka mama yako mdogo?" akauliza.

"Simkumbuki vizuri. Hakuwa akija kwetu."

"Hakuwa akija kwa sababu ya kioo. Bibi yenu alipofariki aliacha kioo cha mkono, chenye mpini wa pembe. Mama yako alikichukua siku ya tatu, bila kumuuliza mtu. Mdogo wake akasema alikuwa ameahidiwa yeye. Ubishi ulianza jikoni ukaishia uani, mbele za watu. Shamba tuligawana kwa amani, mbuzi tukagawana, lakini kioo! Kioo chenyewe kilivunjika mwaka uliofuata. Ugomvi ukabaki mzima. Walikwenda kaburini hawajasemezana." Akaivua tena miwani. "Watu hawapigani kwa sababu ya kioo, mwanangu. Kila mmoja anataka kujua mama alimpenda nani."

Cherehani akauliza, "Sasa nifanyeje?"

"Mimi sijui sheria. Lakini najua kwamba mkono wa kwanza ukishaingia kabatini peke yake, wa pili utaingia na rungu. Ingieni pamoja."

Kwa sheria akaenda kwa karani wa mahakama, mwanamke mwenye sauti ya mafua na meza iliyozidiwa na mafaili. Karani hakumkawiza. Nguo na vyombo ni mali ya marehemu kama nyumba, akasema. Viorodheshwe, warithi wote wakiwapo. Kilichoazimwa kirudishwe kwa mwenyewe. Kile ambacho mama alikitoa akiwa hai na kukikabidhi mkononi, hicho kimeshakuwa cha aliyepewa. "Lakini 'mama aliniahidi' peke yake haitoshi," akasema huku anapenga kamasi. "Ahadi za mdomoni ndizo zinazotuletea watu hapa. Zisikilizeni, ziheshimuni mkiweza, ila asiamriwe mtu kwazo. Na dhahabu ipimwe na mtu asiye ndugu."

Basi wakaingia pamoja. Jumamosi moja asubuhi Cherehani alifungua kile chumba, Kaka Mkubwa na Kitinda wakiwa nyuma yake. Harufu ya mama ikawapokea mlangoni, sabuni ya kipande na dawa ya kuchua, na wote watatu wakasimama kidogo kama watu waliosahau walichofuata. Kisha wakaanza. Cherehani anataja, Kitinda anaandika, Kaka Mkubwa anapiga picha kwa simu. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "hiki changu." Sufuria kubwa ikagundulika kuwa ya jirani, ikarudishwa siku ileile. Saa ya mkononi Kitinda alisema alishapewa na mama kabla hajaugua, na Kaka Mkubwa akathibitisha: alikuwapo, alimwona mama akimvalisha. Ikatolewa kwenye orodha bila neno.

Walipofika kwenye nguo, Cherehani akapekua henga mara moja, akapekua tena. Kitu alichokuwa akikitafuta hakikuwapo. Akajiambia labda kimo sandukuni. Sandukuni hakikuwamo. Akaendelea kutaja, maana msimamizi hawezi kuanza kwa kulilia chake. Lakini tangu dakika ile wazo moja likaanza kumtafuna: ile mifuko miwili ya Wifi.

Dhahabu waliipeleka kwa sonara, wote watatu, wamejibana kwenye kibanda chake chenye taa kali. Sonara akapima kipande kimoja kimoja kwenye mizani ndogo, akakwaruza, akadondoshea dawa, akasema ipi safi na ipi imechanganywa. Mkufu ulikuwa mzito kuliko walivyofikiri. Bangili moja ilikuwa shaba iliyopakwa, na Kaka Mkubwa akacheka mpaka kibanda kikatikisika: "Mama! Na alivyokuwa akiificha kwenye unga!"

Ilibaki siku ya kugawana. Hapo ndipo Cherehani alipofanya jambo lililomtia ugomvini kabla ya ugomvi. Aliwaambia kwamba watakaoingia chumbani ni watoto watatu na Mjomba kuwa shahidi. Wake na waume wabaki makwao.

"Yaani mimi," Wifi akasema kwa simu, "niliyemwosha mama yenu miguu, leo ni mtu wa nje?"

"Hata mume wangu nimemkataza, Wifi."

"Mume wako hakumwosha mtu miguu."

Simu ikakatika. Cherehani akabaki ameishika, mguu unakanyaga hewa chini ya kiti cha saluni. Alitaka kumpigia tena amuulize kuhusu mifuko ile. Alibonyeza namba, akaifuta. Alibonyeza, akaifuta.

Siku ilipofika walikaa sebuleni kwa mama, vitu vimepangwa juu ya mkeka na meza. Mjomba alikaa kwenye kochi akiwa amevaa koti, kana kwamba yuko kazini posta. Walianza na dhahabu, kwa sababu ilikuwa na bei na bei haioni aibu. Walipiga kura kwa vijiti vya kiberiti: mwenye kijiti kirefu achague kwanza, kisha wa kati, kisha wa kifupi, raundi ya pili waanze kinyume, wa mwisho awe wa kwanza, ili asiwepo aliyeonewa na bahati. Kitinda akachukua hereni, Cherehani bangili ya kweli, Kaka Mkubwa mkufu, kwa ajili ya binti yake. Raundi ya pili Kaka Mkubwa alikuwa wa kwanza, akaichukua ile bangili ya shaba makusudi ili wacheke, na wakacheka. Pete ya ndoa wote waliitazama, wakaamua isichaguliwe. Ikae na yule atakayekaa nyumbani, na isiuzwe bila watatu kukubali. Halafu wakarudi kwenye vipimo vya sonara. Mkufu ulikuwa umezidi, kwa hiyo Kaka Mkubwa akaachia sehemu yake kwenye friji na makochi. Mambo yakalingana. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa vya moyoni," akasema.

Hili walikuwa wamepanga pia. Vitu visivyo na bei, kila mtu aandike kwenye kikaratasi kile kimoja anachokitaka kuliko vyote, na sababu yake, bila kumwonyesha mwenzake. Mjomba asome. Kisichogongana kitolewe papo hapo. Kinachogongana kizungumzwe, na mazungumzo yakishindwa, kura. Vingine vyote vingefuata kwa zamu. Waliandika. Kaka Mkubwa alichukua muda mrefu, amekunja mkono mzima kuziba kikaratasi kama mtoto kwenye mtihani.

Mjomba akafungua cha kwanza. "Kitinda. Redio, kwa sababu tulikuwa tukisikiliza pamoja taarifa za jioni."

Hakuna aliyepinga.

Akafungua cha pili. "Cherehani. Sweta ya kahawia ya mama, kwa sababu..." Akakaza macho. "Kwa sababu ndiyo mama."

Akafungua cha tatu, akakisoma kimoyomoyo kwanza, akavua miwani. "Kaka Mkubwa. Sweta ya kahawia."

Ile sweta kila mtu aliijua. Mama aliivaa zamu zote za usiku kule zahanati, ina vifungo visivyofanana, kiwiko kimoja kimezibwa kwa kitambaa cha shati. Hata ombaomba angeitazama mara mbili kabla ya kuipokea.

"Wewe sweta ya nini?" Cherehani akauliza. "Hata mkono haukuingii."

"Na wewe je, ya nini?"

"Mimi ni mwanamke, nitaivaa."

"Basi mimi nitaitazama. Iko wapi?"

"Haipo," Cherehani akasema, na yote aliyoyabana tangu Jumamosi ile yakamtoka. "Haipo, Kaka! Sikuiona kabatini, sikuiona sandukuni. Muulize mkeo! Muulize ile mifuko miwili aliyoitupia watu kabla kaburi halijakauka! Sweta ya mama iko mtumbani, inakanyagwa kwenye turubai!"

Kaka Mkubwa akasimama, na sebule ikawa ndogo. "Usimtaje mke wangu. Umemfungia mlango, sasa unamtukana akiwa hayupo? Msimamizi gani wewe? Uliona haipo ukanyamaza?"

"Nilinyamaza ili tusigombane!"

"Na sasa tunafanya nini? Tunaimba?"

"Kaeni chini," Mjomba akasema. Uso kama ule alikuwa ameuona zamani, jikoni kwa mama yake.

Kitinda alinyanyuka, akapita katikati yao, akaingia chumbani kwake. Aliporudi alikuwa ameikumbatia sweta kifuani.

"Wifi hakuitoa," akasema. "Ninayo mimi. Mama aliivaa siku ile. Alisema anasikia baridi. Walipokuja kumchukua nilimvua nikaingia nayo kitandani, na tangu siku ile nalala nayo. Sikuiandika kwenye kikaratasi kwa sababu... niliona nikiiandika mtaniuliza iko wapi."

Kaka Mkubwa akamgeukia. "Kumbe! Tumekaa hapa na vijiti kama watoto, kumbe wewe ulishajigawia!"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo hivi hivi?"

"Niseme nini, Kaka? Nimeichukua. Ni kweli."

Mtu akikubali kosa waziwazi hukuacha na ngumi iliyokunjwa na hakuna pa kuipeleka. Kaka Mkubwa alibaki amesimama. Kisha akakaa, sakafuni, si kwenye kochi, na mabega yale ya kubebea mlango yakashuka.

"Nilikuwa njiani," akasema, bila kumwangalia mtu. "Ulinipigia simu ukasema mama anasikia baridi. Nikakwambia mfunike, nakuja. Lori likaharibika mlimani. Nilikaa kwenye ule usukani nikiwaza baridi yake tu, baridi yake tu. Nimefika, amefunikwa shuka jeupe. Shuka! Nikatazama ile sweta sikuiona. Kila nikiendesha nawaza, je, walimvalisha? Hivyo tu. Nilitaka kuiona kwa macho."

"Alikuwa ameivaa," Kitinda akasema. "Na vifungo vyote nilimfunga. Hata kile cha juu asichokipenda."

Hapo Kaka Mkubwa alilia. Cherehani hakuwa amemwona akilia hata makaburini. Alikuwa mwanamume wa kusimamia jeneza na kupanga magari. Akatamani kumshika, mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda tena, mwisho ukatua kichwani kwake, na kwa mazoea vidole vikaanza kumpapasa nywele kama anazitafutia njia.

Kitinda akapiga magoti mbele ya kaka yake. "Chukua."

"Hapana. Wewe ndiye uliyemuuguza."

"Ndiyo maana nasema chukua. Miaka yote ile mimi nilikuwa na mama mwenyewe. Nilimlisha, nikamgeuza, nikagombana naye kwa dawa. Nyie mlikuwa na simu. Sweta chukua wewe." Kisha akamtazama dada yake. "Labda kama Dada hataki."

Wakamgeukia wote, na Mjomba pia. Cherehani aliitaka ile sweta. Aliitaka sasa kuliko alipoiandika. Angeweza kusema kura, na kura ilikuwa haki yake, wenyewe walikubaliana. Akatazama vijiti vya kiberiti vilivyobaki mezani. Alijua akishinda atakwenda nayo nyumbani, ataitundika, na kila akiiona atamwona kaka yake amekaa sakafuni.

"Naondoa jina langu," akasema. "Lakini usiifue. Ukiifua nitakuja na hukumu ya mahakama."

"Siifui."

"Na mkeo asiifue."

"Nitamwambia."

"Na nitampigia mimi mwenyewe, nimwombe radhi. Nimemsingizia."

Waliendelea na vilivyobaki kwa zamu, wakiwa wamechoka kama watu waliotoka kubeba mizigo. Cherehani akachukua beseni la bati ambalo mama alikuwa akiwaogeshea wote watatu. Picha za ukutani hazikugawanywa. Zingepelekwa studio zinakiliwe, kila mmoja apate zake, na zile za awali zibaki ukutani palepale. Nguo wakachagua moja moja, na zilizobaki wakakubaliana kwa pamoja ziende zahanati, kwa wazazi wanaofika hawana cha kubadili. Kitinda akaandika kila kitu kimekwenda kwa nani, wote wakatia sahihi, Mjomba akatia yake kwa herufi kubwa za posta. Nakala ndiyo iliyoingia kwenye taarifa ya Cherehani kwa karani yule mwenye mafua, ambaye aliipokea, akaigonga muhuri, akasema, "Hamkutoana macho? Hongereni," na kumwita anayefuata.

Haikuwa kwamba kila kitu kilitulia. Wifi alipopigiwa simu alisikiliza kimya, akasema, "Nimesikia," akakata. Alimaliza muda mrefu akimsalimia Cherehani kwa ncha ya midomo. Watu wa mtaani, ambao hukosi kuwasikia hata ukiziba masikio, walisema kwa msusi kuna vita vya sweta. Cherehani alikuwa akipata usingizi, kisha anaamka alfajiri akijiuliza kama pete iko salama, kama zahanati waligawa nguo vizuri, kama alimwonea Kitinda kwenye makochi.

Halafu siku moja mchana, saluni ikiwa tupu, Wifi akaingia. Hakusalimu kwa maneno mengi. Akakaa kwenye kiti cha katikati, akafungua kitambaa.

"Nisuke."

"Mtindo gani?"

"Wowote usioumiza."

Cherehani akaanza. Nusu ya kichwa ilipokwisha, Wifi akasema kwenye kioo, "Mimi kwetu tuko saba."

"Najua."

"Saba, Wifi. Na mama yangu ana bangili, ana visanduku, ana vyombo vya maua ambavyo haturuhusiwi hata kuvigusa. Nyie mlikuwa watatu mkafikia kulia sakafuni. Sisi tutauana."

"Yuko hai, si ndiyo?"

"Hai, na ulimi wake hai zaidi."

"Basi muulizeni sasa. Aseme mwenyewe nini anampa nani, mkiwapo nyote. Anachotaka kukitoa leo akitoe leo, mkononi. Kingine aandikiwe wosia kwa mwanasheria, wenye mashahidi."

Wifi akafikiri, kichwa kimevutwa upande. Akatoa simu hapohapo, akaiweka sauti ya nje. Mama yake akapokea kwa kelele za kuku nyuma yake. Wifi akazunguka, akasalimia, akauliza hali ya mvua, hali ya goti, mwisho akalitema: mama, vile vyombo vyako vya maua, ungependa baadaye vikae na nani?

Kimya. Hata kuku walinyamaza.

"Nani amekwambia nakufa?" mama akauliza.

"Hakuna, mama! Nauliza tu."

"Unauliza tu. Nimekaa zangu nalisha kuku, mtu ananipigia ananigawa."

"Mama, nisamehe, sikuwa na maana hiyo..."

"Shikilia hapohapo. Usikate." Wakasikia kiti kinaburutwa, mlango wa kabati unalia. "Lile bakuli kubwa asipewe dada yako, ana mikono ya kuvunja. Unasikia? Na visahani visitenganishwe. Na mje wote, si kwa simu, mje mnitazame usoni. Na mnunue nyama njiani. Unaandika?"

Wifi akamwangalia Cherehani kwenye kioo, macho yamemtoka, kicheko kimembana.

"Naandika, mama," akasema, na Cherehani akamshikisha kalamu.